Njiti ya Kiberiti Kati ya Uzi na Tofali

Simama mwisho wa ukuta wowote mfupi hapa chuoni, inama mpaka jicho lako liwe sawa na kozi ya juu, funga jicho la pili, kisha utazame kwa urefu wake. Ukuta unaoupita kila siku ukienda kantini utaanza kukueleza mambo. Utaona tofali moja limetokeza kama jino la mbele, jingine limerudi ndani, na katikati kote kumelegea kidogo kama kamba ya kuanikia nguo. Ukisimama wima mbele yake huoni kitu. Ukitazama kwa urefu, kila kitu kiko wazi, na tangu nijue kufanya hivyo nimekuwa kero kwa wenzangu, maana hatuwezi kupita mahali bila mimi kuinama.

Nasoma ualimu wa hisabati na fizikia. Likizo ndefu iliyopita, bumu likiwa limekwisha na semista bado iko mbali, nilikwenda Morogoro, Kihonda, kwa mjomba wangu ambaye ni fundi uashi, nikawa saidia fundi wake. Watu walishangaa kuona binti anasukuma toroli la mchanga. Mjomba hakushangaa, alinipa tu glavu na kuniambia, "Mjomba, kokoto hazijui kama umefika chuo kikuu." Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, yeye ananiita mjomba na mimi namwita mjomba, na mgeni akitusikia huwa hajui nani ni nani.

Kazi ninayotaka kuisimulia ni ukuta mmoja tu, mita 12, kozi tatu, mbele ya nyumba ya mwalimu mstaafu. Kila mtu mtaani anamwita Mwalimu na nitamwita hivyo hivyo. Jioni huwa anafundisha watoto tuisheni chini ya mwembe, na alitaka ukuta wa kutenganisha kiwanja na barabara, lakini pia wa kukaliwa na watoto hao. Kozi ya kwanza ingefukiwa chini ya usawa wa ardhi na mbili zingebaki juu, karibu sentimita 48, yaani urefu wa kiti. Tena hakutaka lipu. "Lipu inaficha," alisema. "Nataka nione mlichofanya."

Alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia fundi mwingine alimjengea ukuta mahali hapo hapo na ukawa umebomolewa kabla hatujafika. Vipande vyake vilikuwa bado vimelundikwa pembeni. Mjomba aliokota kimoja, akakwaruza mota kwa ukucha wa kidole gumba, ikamwagika kama unga wa muhogo. Mota ikikunika hivyo, ama saruji ilikuwa haba, ama mota ilikaa juani mpaka ikaanza kushika, kisha ikaongezwa maji na kukorogwa upya ili isitupwe. Huwezi kujua ni lipi kati ya hayo kwa kutazama kipande, na mjomba hakutaka kukisia. Msingi wenyewe ulikuwa mzima, kwa hiyo tulikubaliana kuutumia.

Sharti la Mwalimu lilikuwa dogo. Akiridhika na ukuta, mjomba atapewa kazi ya vyumba viwili vya tuisheni nyuma ya nyumba. Asiporidhika, atalipa matofali na saruji na tutaagana kwa heri. Kwa mjomba, vyumba viwili ni riziki ya miezi kadhaa. Kwangu ilikuwa nauli ya kurudi chuo na chakula cha wiki za mwanzo.

Jambo ambalo Mwalimu hakulijua, nami nililijua siku ya kwanza asubuhi, ni kwamba mjomba alikuwa haoni vizuri. Alichukua pima maji, akaliweka juu ya msingi, akaliinua karibu na uso, akaligeuza upande wa mwanga, kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Soma hapo, kiputo kiko wapi?" Nikadhani ananipima. Mara ya tatu nikaelewa. Jicho la kulia lilikuwa na ukungu mweupe katikati ya mboni. Ni mtoto wa jicho. La kushoto lilikuwa limeanza. Kwa mbali aliona watu, magari, na milima ya Uluguru, ila alama ya penseli kwenye ubao hakuiona, na pengo la milimita mbili kati ya uzi na tofali ndiyo kabisa.

Sikusema kitu, naye hakusema. Tukaanza kazi.

Cha kwanza hakikuwa kuchanganya mota. Tulipanga matofali makavu juu ya msingi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, bila chochote kati yake, ili tujue yataenea vipi. Matofali yalikuwa ya nchi sita, yale ya kawaida, urefu milimita 450, kimo 230, upana 150. Watu wengi huanza kujenga kutoka kushoto na kutumaini kwamba mwisho wa kulia utafika vizuri. Haufiki. Hapo ndipo unaona kipande cha tofali kama sabuni kimechomekwa mwishoni, au jointi moja nene kama kidole.

Mjomba alisema tuweke matofali 26. Nikapiga hesabu kwenye mfuko wa saruji. Matofali 26 ya milimita 450 ni milimita 11,700. Kati yake kuna jointi za wima 25, na zikiwa za milimita 10, ambacho ndicho kipimo tunachokilenga, unapata 250 zaidi. Jumla 11,950. Ukuta ni 12,000. Zimebaki milimita 50. Ukiziacha zote mwisho, ni aibu. Ukizigawa kwa jointi 25, kila moja inaongezeka milimita 2, na hakuna jicho la binadamu litakaloona tofauti kati ya jointi ya 10 na ya 12. Kwa hiyo jointi zetu za wima zikawa milimita 12.

Kozi ya pili inaanza na nusu tofali ili jointi zake zisikae juu ya jointi za kozi ya chini. Nusu hiyo si nusu ya 450. Unatoa kwanza jointi: 450 kutoa 12 ni 438, gawa kwa mbili, 219. Kozi ya pili ina vipande viwili vya 219, matofali mazima 25 na jointi 26. Jumlisha mwenyewe, utapata 12,000 bila kubaki hata milimita. Nilipomwonesha mjomba alisema, "Mimi huwa nakata nchi tisa kasoro kidogo." Nchi tisa ni milimita 228 na ushee. Kasoro kidogo ndiyo hiyo 219. Amekuwa akiipata kwa mkono wake kwa zaidi ya miaka ishirini.

Baada ya hapo tukapima usawa wa msingi kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga. Maji ndani yake hayadanganyi, ila mpira wenyewe unaweza kudanganya: kiputo kimoja cha hewa kikibaki katikati, ncha mbili hazitakaa usawa mmoja. Tuliuinua, tukaugonga kwa vidole mpaka viputo vyote vikapanda na kutoka, tukaacha ncha zote mbili wazi, mimi nikasoma. Upande wa mwembe msingi ulikuwa chini kwa milimita 10. Hiyo si mbaya. Maana yake ni kwamba kitanda cha mota cha kozi ya kwanza kitakuwa milimita 10 upande wa geti na 20 upande wa mwembe, na tofauti yote itaishia humo humo, chini ya ardhi. Kozi ya pili ianze ikiwa imelala sawa. Tofauti ikizidi hapo, mota nene hivyo itabonyea tofali likikaa juu yake, na ni afadhali kusawazisha msingi kwanza kwa zege laini.

Kisha ikaja fimbo. Kila fundi makini ana ubao uliochorwa mistari ya vimo vya kozi, ili asipime kwa futi kamba kila mara. Tofali 230 na jointi 10 ni 240. Mistari inakuwa 240, 480, 720. Nilichukua kipande cha mbao kilichonyooka, nikapima, nikachora kwa penseli, nikampa mjomba. Aliipokea, akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu yake taratibu kutoka chini hadi juu. Hakuna alichokipata, maana penseli haina kina. Nikairudisha mkononi mwangu, nikachukua msumeno, nikakata pengo dogo kwenye kila mstari, kina cha ukucha. Nikampa tena. Kidole gumba kilisimama kwenye pengo la kwanza, kikaenda, kikasimama kwenye la pili, kikaenda, kikasimama kwenye la tatu. "Hii sasa ni fimbo," akasema.

Kuhusu mota nitasema kidogo, kwa sababu ukuta wa namna hii hauli nyingi. Tulipima kwa ndoo, si kwa koleo, kwa kuwa koleo moja la mchanga mkavu na moja la mchanga uliolowa si kitu kimoja, na mkono uliochoka hujaza kidogo. Nusu ndoo ya saruji kwa ndoo mbili na nusu za mchanga uliochekechwa, yaani moja kwa tano. Unakoroga vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja, kisha maji kidogo kidogo. Ikiwa tayari, ukiipiga mwiko na kuinamisha, mota inabaki imeshikilia mwiko kwa muda kabla ya kuteleza. Ikitiririka ni maji mengi, na tofali litazama. Tulikoroga mara tatu tu kwa ukuta wote na mfuko mmoja ukabakiza saruji. Juani Morogoro mwezi wa nane, kile ulichokoroga ukitumie ndani ya saa moja na nusu, na kikianza kukakamaa kwenye karai kinamwagwa. Nilipotaka kukiokoa kwa maji, mjomba alinielekeza kwa kidevu kwenye lile lundo la ukuta wa zamani.

Sasa uzi. Matofali ya mwisho, moja kila upande, ndiyo yanayojengwa kwanza, na hayo yanapimwa kwa kila njia: fimbo kwa kimo, pima maji kwa ulalo, timazi kwa wima. Kila kinachofuata kitayaiga. Mjomba alizungusha uzi wa nailoni kwenye tofali kavu, akaliweka tofali hilo juu ya tofali la mwisho, uzi ukachomoza chini yake sawasawa na ukingo wa juu wa uso wa mbele. Upande wa pili akafanya hivyo hivyo na kuvuta mpaka uzi ukalia ulipoguswa.

Halafu alifanya kitu ambacho sikukiona kwenye mchoro wowote. Alichukua njiti ya kiberiti, akaichomeka kati ya uzi na uso wa tofali la mwisho, kila upande. Njiti ina unene wa kama milimita 2. Uzi ukawa umesimama mbali na ukuta kwa unene huo, urefu wote. Kanuni yake ni kwamba hakuna tofali linaloruhusiwa kugusa uzi. Tofali moja likiugusa, linausukuma nje, na matofali yote yanayofuata yatafuata uzi uliosukumwa, si uzi ulionyooka. Unapata ukuta wenye tumbo, na hutajua ni tofali gani lililoanza. Ukiacha nafasi ya njiti, uzi unabaki huru, na kila tofali linapimwa peke yake.

Wengi huangalia nafasi hiyo kwa jicho. Mjomba alikuwa na njiti nyingine mdomoni. Kila alipokaza tofali alitoa njiti hiyo, akaipitisha kati ya uzi na tofali. Ikikwama, tofali limetoka nje. Ikicheza, limeingia ndani. Ikipita huku inagusa pande zote mbili kidogo, ni sawa. Nilijiuliza kama alianza hivyo baada ya macho kuharibika au alikuwa hivyo tangu zamani. Baadaye aliniambia alifundishwa akiwa kijana, akaiacha kwa sababu ilimchelewesha, na sasa ameirudia.

Mimi nilikuwa na wasiwasi na jambo lingine. Uzi wa mita 12, hata ukiuvuta vipi, katikati unashuka. Hii tuliifanya kwenye fizikia bila mtu kutuambia inahusu nini. Kiasi cha kushuka ni uzito wa uzi kwa mita, zidisha kwa kipeo cha pili cha urefu, gawanya kwa mara nane ya nguvu ya kuvuta. Tuseme uzi una gramu 1 kwa mita, na umevutwa kwa nguvu ya nyutoni 20, ambayo ni kama kushika chupa ya maji ya lita mbili. Kwa mita 12 unapata milimita 9. Karibu jointi nzima. Na ubaya wake ni kwamba jointi hazitakuonesha kosa. Uzi utashuka vile vile kwenye kozi ya pili na ya tatu, kwa hiyo jointi zote zitalingana vizuri huku ukuta mzima umelegea katikati. Rula haiwezi kuligundua hilo, ni yule anayeinama na kufunga jicho moja. Nilikwenda kutazama vile vipande vya zamani nikitaka kujua kama ndicho kilichotokea, lakini lundo ni lundo.

Nilianza kumweleza mjomba. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo maana tunaweka tofali la katikati." Kwenye mita ya sita alijenga tofali moja kwa mota, kimo chake kikapimwa kwa mpira wa maji kutoka kwenye tofali la geti, uzi ukapita juu ya ukingo wake, na juu ya uzi akaweka kipande cha tofali kuushikilia. Hapo uzi una vipande viwili vya mita sita. Urefu ukipungua nusu, kushuka kunapungua mara nne: kutoka milimita 9 hadi 2 na robo. Tofali hilo la kati halifuati uzi. Linakaa kwa vipimo vyake lenyewe, na ndiyo sababu nililisoma mara tatu.

Kuweka tofali lenyewe ni kitu cha sekunde chache na ni vigumu kukielezea. Mota inatandazwa kwa urefu wa matofali mawili au matatu, si zaidi, kwa sababu matofali yetu yananyonya maji haraka. Mjomba alikuwa anayanyunyizia kidogo kwa mkono kabla ya kuyaweka, bila kuyaloweka, maana tofali lililolowa chepechepe huogelea juu ya mota. Kichwa cha tofali kinapakwa mota ya kutosha kujaa jointi yote ya wima kabla halijashuka. Ukiacha pengo ukitegemea kulisokomeza baadaye, utajaza sentimita moja ya nje na ndani kutabaki tupu. Kisha tofali linashushwa, linasukumwa kuelekea jirani yake, linagongwa kwa mpini wa mwiko mpaka ukingo wake ulingane na uzi. Mota iliyotoka inakatwa na mwiko na kurudishwa kwenye karai. Njiti inapita. Basi.

Na likishakaa, haliguswi. Siku ya kwanza mchana tofali la tisa lilionekana limeinama kidogo, yapata robo saa baada ya kuwekwa. Mkono wangu ulikuwa tayari na nyundo. Mjomba alilitoa lote, akakwangua mota yote ya chini na ya pembeni, akaweka mpya. Ukiligonga wakati mota imeshaanza kushika, tofali litasogea, litaonekana limenyooka, lakini limeshaachana na kitanda chake. Ukuta utasimama mpaka mtoto wa kwanza akae juu yake.

Lingine ambalo sikulitarajia: uzi unatawala uso mmoja tu. Matofali haya yanafyatuliwa kwa mkono na mashine za mtaani, na upana wake unatofautiana milimita tatu hadi tano. Uso unaotazama uzi utanyooka, uso wa nyuma utakuwa na mawimbi. Huna namna. Unaamua tu uso upi ndio wa kuonekana. Mjomba alidhani Mwalimu atataka uso wa barabarani. Akamwuliza. Mwalimu alisema, "Wanafunzi wangu wanakaa ndani." Uzi ukahamia upande wa mwembe.

Kazi ya siku moja kwa fundi mwingine tuliifanya siku tatu. Malipo yalikuwa kwa kazi, si kwa siku, kwa hiyo ile njiti ilikuwa inakula pesa ya mjomba kila ilipotoka mdomoni.

Jioni ya siku ya pili, tukiwa kwenye kozi ya tatu, Mwalimu alitoka na rula ya plastiki ya sentimita 30. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Alipima jointi tano au sita, akaandika kwenye daftari dogo, kisha akakaa kwenye kiti akatutazama. Nilikuwa nasoma pima maji kwa sauti, "Kushoto kidogo, tena, hapo," na mjomba anagonga. Alitutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Fundi," akasema mwishowe, "mbona kila kitu anasoma huyu binti?"

Nilijua jibu ambalo lingetuokoa. Ningesema nafanya mazoezi, mimi ni mwanafunzi, najifunza. Na lingekuwa na ukweli ndani yake. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Mwalimu," mjomba akasema, "jicho la kulia lina mtoto wa jicho. Hili lingine linaelekea huko. Kimo nasoma kwa hii fimbo, uzi nasoma kwa njiti. Kiputo siwezi. Kiputo anasoma yeye."

Mwalimu aliomba fimbo. Akaipitisha kidole, akagusa mapengo yote matatu, akaipima kwa rula yake. Akamrudishia. "Endeleeni kabla giza halijaingia," akasema, akaingia ndani na daftari lake. Usiku ule mimi na mjomba hatukuzungumza juu ya hilo. Tulikula ugali na dagaa, akaniuliza kama mtihani wa semista ulikuwa mgumu.

Siku ya tatu ilikuwa ya kusafisha, kumwagilia, na kutandaza mota ya milimita 20 juu ya kozi ya mwisho ili watoto wasikalie ukingo mkali. Jointi tulikuwa tumezipiga jioni zile zile za kujenga, kwa kipande cha nondo ya milimita 12 kilichopindwa. Wakati wake unaujua kwa kidole gumba: ukibonyeza na alama ikabaki bila mota kunata kwenye kidole, vuta. Mapema mno mota inapaka matofali, kuchelewa mno unakwaruza chuma kwenye jiwe. Nondo inaacha mfereji mdogo uliobanwa vizuri, na maji ya mvua hayapati pa kukaa. Mjomba alizivuta zote mwenyewe, mimi nikimfuata na brashi. Hapo hakuhitaji macho ya mtu. Kisha tukafunika ukuta kwa magunia yaliyolowa, nikaagizwa kuyamwagilia asubuhi na jioni kwa siku saba, na watoto wakaambiwa wakae kwenye mkeka.

Siku ya nane Mwalimu aliondoa magunia. Hakuanza na rula. Alikwenda mwisho wa ukuta, upande wa geti, akashika magoti, akainama, akafunga jicho moja. Kisha akazunguka akafanya hivyo hivyo upande wa mwembe. Mjomba alikuwa amesimama na kofia mkononi, akitazama mahali ambapo ukuta ulikuwepo, na najua alichokiona ni bonge la kijivu tu.

Alilipa yote. Kuhusu vyumba alisema vitasubiri mpaka mjomba aende hospitali, maana ukuta wa mita tatu si wa kusomwa kwa njiti, na hapo alikuwa sahihi kabisa: kwenye kichanja, mtu asiyeona ukingo wa ubao asipande. Mjomba hakubisha. Aliuliza tu kama vitasubiri kweli. "Nimesubiri ukuta mwaka mzima," Mwalimu akamjibu.

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji mwishoni mwa mwezi wa tisa. La pili bado. Mimi nilirudi chuo, na wiki ya tatu ya muhula, nikiwa kwenye foleni ya kantini, simu ikaita.

"Mjomba," akasema, "matofali ya vyumba yamekuja. Si kama yale. Nimepima, kimo ni 220. Fimbo yako haifai."

"Kwa hiyo unaona vipimo sasa?"

"Naona. Lakini nataka mapengo. Nikate wapi?"

Nikamhesabia, 220 na 10 ya jointi: 230, 460, 690, 920. Akazirudia moja moja, nikasikia mbao ikiwekwa juu ya kitu, kisha msumeno.